Makutano ya mstari na duara kwenye picha: hesabu miraba, usipime skrini

*"Mwalimu shikamoo. Rafiki yangu alinitumia kwa WhatsApp picha ya swali la kitabu: duara na mstari kwenye gridi, milinganyo haijaandikwa, tunatakiwa kutafuta nukta zinapokatana. Duara lina upana wa miraba 10, kwa hiyo nusu kipenyo ni 5. Kitovu hakijaonyeshwa, nikapima kwa rula kwenye skrini toka juu hadi chini ya duara, nikagawa kwa mbili, nikapata (2, ½). Mstari ni y = ½x + 2. Majibu yangu ni (5, 4½) na (−3, ½), namba safi kabisa. Nyuma ya kitabu wameandika x = 5.38 na x = −2.98. Nimerudia mara tatu. Kitabu kimekosea?"*

Marahaba. Kitabu hakijakosea, na aljebra yako nayo haina kosa. Kosa limeingia kabla hujaandika mlinganyo wowote, pale ulipoweka rula kwenye skrini. Kitovu cha duara hili si (2, ½), ni (2, 1). Badilisha hapo tu, mengine yote yaache kama ulivyoyafanya, utapata 5.38 na −2.98.

Usiniamini kwa sababu ni mwalimu. Ushahidi umo kwenye picha uliyonitumia, na nataka uuone mwenyewe kabla hatujaingia kwenye maelezo. Ikuze picha kwa vidole mpaka uuone vizuri mstari wa gridi wa x = 5, kisha uufuate kwenda juu kuanzia kwenye mhimili wa x. Utakutana kwanza na mstari wa swali, ukipita katikati ya mraba, kati ya 4 na 5. Hapo ndipo palipo (5, 4½), jibu lako la kwanza. Usisimame. Panda nusu mraba zaidi, ufike kwenye kona ya gridi ambapo x = 5 na y = 5 zinakutana. Duara linapita hapo, juu ya kona ile ile. Kwa hiyo nukta yako ipo kwenye mstari, hilo ni kweli, lakini ipo ndani ya duara, nusu mraba chini ya ukingo wake. Nukta iliyo ndani ya duara haiwezi kuwa nukta ya makutano.

Sasa tazama kilele cha duara. Linagusa mstari wa gridi wa y = 6, na chini linagusa wa y = −4. Duara lenye kitovu (2, ½) na nusu kipenyo 5 lingeishia 5½ juu na −4½ chini. Picha inalikataa duara lako mara tatu: kwenye kona ya (5, 5), juu, na chini.

Naelewa kwa nini hukushuku. Mlinganyo wako ulifika y² − 5y + 2.25 = 0, na ndani ya kipeuo kikatokea 25 − 9 = 16, ambacho kipeuo chake ni 4 kamili. Mwanafunzi akiona kipeuo kimetoka kamili huona amefika, kwa sababu maswali mengi ya darasani hutungwa yatoke hivyo. Hapa ilitokea kwa bahati. Kitovu cha uongo kimeangukia mahali ambapo hesabu inatoka nzuri, na kitovu cha kweli mahali ambapo haitoki nzuri. Usafi wa namba unakwambia kitu kuhusu mlinganyo ulioandika. Kama mlinganyo huo ndio wa mchoro, hilo haukwambii.

Turudi kwenye rula. Aliyepiga picha hii alisimama upande wa chini wa ukurasa na kuinamisha simu, ndiyo maana sehemu ya juu ya gridi ipo mbali zaidi na lenzi kuliko sehemu ya chini, na kilicho mbali hutokea kidogo. Nimepima kwenye skrini yangu, picha ikiwa na ukubwa ambao duara zima lina kimo cha kama milimita 49. Mraba wa chini kabisa ndani ya duara una kimo cha karibu milimita 6, wa juu kabisa karibu milimita 4. Miraba mitano ya chini kwa pamoja inachukua karibu milimita 27, na mitano ya juu karibu 22. Wewe ukagawa 49 kwa mbili ukapata 24.5. Sasa panda milimita 24.5 kutoka chini: bado hujamaliza miraba mitano, upo kwenye mraba wa nne na nusu. Na kutoka −4, miraba minne na nusu inakufikisha kwenye ½. Hiyo ndiyo ½ yako. Rula haikukosea kupima milimita za skrini. Ila katikati ya milimita si katikati ya miraba.

Hapa ndipo penye jambo la kushika kuhusu picha za namna hii, na ukilijua utaweza kutumia hata picha iliyoinama vibaya. Kamera hubadilisha urefu, hubadilisha pembe, na huhamisha katikati ya vitu. Lakini mstari mnyoofu hubaki mnyoofu, na vitu viwili vinavyokatana kwenye karatasi hukatana kwenye picha mahali pale pale kwa kulinganisha na gridi. Sababu yake si ngumu. Chukua mstari kwenye karatasi pamoja na tundu la lenzi: hivyo viwili hufanya bapa moja. Mwanga wote unaotoka kwenye mstari ukapita kwenye tundu hubaki ndani ya bapa hilo, na bapa hilo likikutana na kitambuzi cha kamera, ambacho nacho ni bapa, hutoa mstari mnyoofu. Duara nalo, mwanga wake ukipita kwenye tundu hilo hufanya umbo la pia, na pia ikikatwa kwa mshazari hutoa duaradufu. Hilo linajulikana tangu enzi za Wagiriki. Apolonio wa Perga aliyachambua maumbo yanayotokana na kukata pia miaka kama 2200 iliyopita. Ndiyo maana duara lako linaonekana kama yai lililobonyezwa, na ndiyo maana katikati ya hilo yai si kitovu cha duara.

Gridi ndiyo inayotuokoa. Ilipigwa picha pamoja na duara, kwa simu ile ile na kwa mwinamo ule ule. Mahali duara lilipofinywa, miraba nayo imefinywa kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo kuhesabu miraba ni salama, kupima milimita si salama. Wewe mwenyewe ulipotafuta upana ulihesabu miraba 10, na nusu kipenyo 5 ni sahihi. Ulipofika kwenye kitovu ukabadilisha njia.

Basi tukitafute kitovu kwa kuhesabu. Tafuta mahali ambapo duara linapita kwenye kona za miraba kabisa, si karibu na kona. Duara la nusu kipenyo 5 ambalo kitovu chake kipo kwenye kona ya gridi lina ukarimu wa pekee: kwa sababu 3² + 4² = 5², linapita kwenye kona 12. Huhitaji zote. Tafuta mbili zilizo kwenye mstari mmoja wa mlalo, na mbili zilizo kwenye mstari mmoja wa wima. Kwenye picha yako, kwenye mstari wa y = 5, duara linapita (−1, 5) na (5, 5). Kwenye mstari wa x = 6, linapita (6, 4) na (6, −2).

Kitovu cha duara kipo umbali ule ule kutoka kwa nukta mbili zozote za ukingo wake. Nukta mbili zikiwa kwenye mlalo mmoja, x ya kitovu ni katikati ya x zao: (−1 + 5)/2 = 2. Zikiwa kwenye wima mmoja, y ya kitovu ni katikati ya y zao: (4 + (−2))/2 = 1. Kitovu ni (2, 1). Angalia kwamba katikati nimeitafuta kwa namba za gridi, kwenye karatasi yangu ya hesabu, bila kugusa skrini. Kisha nusu kipenyo kinathibitika: toka (2, 1) hadi (5, 5) ni miraba 3 kulia na 4 juu, 9 + 16 = 25, kwa hiyo 5. Na upime nukta moja ambayo hukuitumia, mfano (−3, 1): miraba 5 kushoto kwa kitovu, sawasawa. Nukta hiyo ya ziada isikupite kamwe. Nukta ulizotumia kutengeneza duara haziwezi kukuonyesha kosa kwa urahisi kama ile uliyoiweka pembeni.

Kama duara lako siku nyingine halipiti kwenye kona za kutosha, chukua nukta tatu zilizo mbali mbali unazoweza kuzisoma vizuri, uandike (x − a)² + (y − b)² = r² kwa kila moja, kisha utoe mlinganyo mmoja kutoka kwa mwingine. a², b² na r² zitaondoka, utabaki na milinganyo miwili ya kawaida ya a na b. Ni kazi ndefu kidogo lakini haina mtego.

Mstari umeusoma vizuri, ila niseme neno moja kuhusu namna ya kuusoma. Chagua nukta mbili zilizo mbali kadiri inavyowezekana. Hapa mstari unapita kwenye kona za (−4, 0) na (8, 6), ambazo zimeachana kwa 12 kulia na 6 juu, na mteremko ni 6/12, yaani ½. Ukichagua (2, 3) na (4, 4), utapata ½ ile ile, lakini ukikosea kusoma y moja kwa 0.1 tu, mteremko wako unakosea kwa 0.05. Kosa hilo hilo la 0.1 kwa nukta zilizoachana 12 linaharibu mteremko kwa chini ya 0.01.

Sasa aljebra. Mstari y = ½x + 2 nauandika x = 2y − 4, kwa sababu hivyo naepuka sehemu. Naiweka kwenye duara (x − 2)² + (y − 1)² = 25. Kuwa makini hapa, ndipo wengi wanapoteleza: ndani ya mabano ya kwanza kuna x − 2, si x peke yake, kwa hiyo inakuwa 2y − 4 − 2, yaani 2y − 6.

(2y − 6)² + (y − 1)² = 25

4y² − 24y + 36 + y² − 2y + 1 = 25

5y² − 26y + 12 = 0

Ndani ya kipeuo: 26² − 4 × 5 × 12 = 676 − 240 = 436. Ni chanya, kwa hiyo nukta ni mbili kama picha inavyoonyesha. Kipeuo cha pili cha 436 ni karibu 20.881. Basi y = (26 + 20.881)/10 = 4.688, na y = (26 − 20.881)/10 = 0.512. Rudisha kwenye x = 2y − 4: ya kwanza inatoa 5.376, ya pili inatoa −2.976. Ukikadiria kwa desimali mbili, nukta ni (5.38, 4.69) na (−2.98, 0.51). Wakitaka majibu kamili bila kukadiria, y ni (13 ± √109)/5 na x ni (6 ± 2√109)/5.

Tazama nukta ya pili: (−2.98, 0.51), na wewe ulipata (−3, 0.5). Tofauti ni ndogo kiasi kwamba kwenye picha huwezi kuiona kwa macho, hata ukikuza. Hapo hakuna jicho linaloweza kuamua, inaamua hesabu. Na hesabu ya kuamua ni fupi: kila nukta lazima iridhishe milinganyo yote miwili. Ukiweka (−3, ½) kwenye mstari, ½ × (−3) + 2 = ½, inakubali. Ukiiweka kwenye duara, (−5)² + (−½)² = 25 + 0.25 = 25.25, inakataa. Ile (5, 4½) inakubali kwenye mstari pia, lakini kwenye duara inatoa 9 + 12.25 = 21.25, ambayo ipo mbali kabisa na 25.

Uliniambia umerudia mara tatu, na nadhani mara zote ulihakiki kwa mlinganyo wa mstari, au kwa duara lako lenye kitovu cha ½. Mtu akisoma makutano kwa jicho, jicho hufuata mstari, kwa hiyo karibu kila jibu la kukisia huridhisha mstari. Ukihakiki kwa mstari huo unajiuliza swali ambalo jibu lake umeshalitoa. Hakiki kwa duara, na kwa duara ambalo umelijaribu kwenye kona isiyohusika na kulitengeneza.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kwa sababu hakitumii mlinganyo wa kipeo cha pili kabisa. Katikati ya nukta zako mbili za makutano lazima iwe mahali ambapo mstari unakaribia kitovu zaidi, na mstari kutoka kitovu hadi hapo lazima uwe na pembe mraba na mstari wa swali. Kwa nukta zetu, katikati ni ((5.376 − 2.976)/2, (4.688 + 0.512)/2) = (1.2, 2.6). Kutoka (2, 1) hadi (1.2, 2.6) ni 0.8 kushoto na 1.6 juu, mteremko −2. Mstari wa swali una mteremko ½. Zidisha: −2 × ½ = −1, pembe mraba. Ukijumlisha vibaya au ukipoteza alama ya kutoa mahali, kipimo hiki mara nyingi kitakushika.

Ukitaka kuhakikisha kwa mashine, andika mistari hii mitatu kwenye programu ya GeoGebra, itakupa nukta zote mbili:

```
c: (x - 2)^2 + (y - 1)^2 = 25
f: x - 2y + 4 = 0
Intersect(c, f)
```

Wapo wanaoingiza picha yenyewe kwenye GeoGebra na kuchora duara juu yake. Inawezekana, lakini ujue mpaka wake. GeoGebra hukuruhusu kubandika pembe tatu za picha kwenye nukta unazotaka. Pembe tatu zinatosha kurekebisha ukubwa na kuegemea upande. Hazitoshi kurekebisha picha ambayo juu yake pamefinywa kuliko chini, kama hii yako. Kwa kazi hiyo zinahitajika pembe nne. Programu za simu za kuskani nyaraka zinatumia pembe nne za karatasi, ndiyo maana zikimaliza ukurasa hutokea mstatili. Kwa hiyo kama lazima upime juu ya picha, ipitishe kwanza kwenye skana ya namna hiyo, kisha hakikisha kwamba miraba ya juu na ya chini ina kimo kimoja. Isipolingana, usipime.

Skana ya pembe nne haitakusaidia ukurasa ukiwa umejikunja. Karibu na mgongo wa kitabu karatasi huzama, na mistari ya gridi inapinda kweli, siyo kwa sababu ya kamera. Utaitambua hali hiyo kwa kuweka ukingo wa rula juu ya mstari mmoja wa gridi kwenye skrini: mstari ukiiacha rula katikati na kuirudia mwisho, karatasi ilikuwa imepinda, au mchoro ulikuwa pembezoni mwa picha ambako lenzi za simu hupinda mistari kidogo. Hata hapo kuhesabu miraba bado ni halali, kwa sababu gridi imepinda pamoja na mchoro. Kinachoharamika ni kurefusha mstari wa swali kwa rula kwenye skrini kwenda mahali ambapo haukuchorwa.

Tatizo jingine la picha yako ni ukungu. WhatsApp hubana picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, na mistari myembamba ya gridi ndiyo inayofifia kwanza. Kwenye picha yako namba za mhimili wa y upande wa hasi karibu hazisomeki. Nimezipata kwa kuhesabu kutoka sifuri kwenda chini. Mwambie rafiki yako aitume kama dokumenti, itakuja kama ilivyopigwa. Na ahakikishe mihimili yote miwili ipo kwenye picha pamoja na namba zake, maana mchoro mwingine huwa na mraba mmoja wa x sawa na 1 na mraba mmoja wa y sawa na 2. Kwenye gridi ya namna hiyo duara huonekana limebonyea hata picha ikiwa imepigwa wima kabisa, na mtu asiyesoma namba za mihimili atadhani ni simu iliyoinama.

Limebaki jambo moja ambalo swali lako halikufikia, ila utakutana nalo. Swali hili lilikuwa na huruma kwa sababu mstari unapita ndani kabisa ya duara. Umbali wa mstari kutoka kitovu ni 4/√5, karibu 1.79, na nusu ya kipande cha mstari kilicho ndani ya duara ni √(25 − 3.2), karibu 4.67. Tuseme ungekosea kuusoma mstari ukausogeza mbali na kitovu kwa 0.1, umbali ukawa 1.89. Nusu ya kipande ingekuwa 4.63. Kosa la 0.1 limeifupisha kwa 0.04 tu, na nukta zako zingesogea kidogo sana, karibu sawa na kosa lenyewe.

Sasa chukua mstari unaopita karibu na ukingo, umbali wa 4.9 kutoka kwenye kitovu cha duara hilo hilo. Nusu ya kipande ni √(25 − 24.01), yaani karibu 1. Ukisoma vibaya kwa 0.05 tu, umbali ukawa 4.95, inashuka hadi 0.71. Kwa 0.1, umbali ni 5 na nukta mbili zimekuwa moja. Kwa 0.15 mstari haugusi duara kabisa, na ndani ya kipeuo utapata namba hasi. Kosa dogo ambalo kwenye swali lako lisingeonekana, hapa linabadilisha hata idadi ya majibu.

Kwa hiyo ukipata namba hasi ndani ya kipeuo huku picha inaonyesha wazi mstari ukikata duara, usirudie aljebra kwanza. Rudi kwenye kusoma nukta. Na ukiona kwenye picha mstari na duara vimekaribiana kwa umbali mrefu kabla ya kuachana, kana kwamba vimelalana, hiyo ni dalili kwamba huwezi kujua kwa picha pekee kama ni nukta mbili, moja, au hakuna. Hapo tafuta kona za gridi ambazo mstari unapita kamili, upate mlinganyo usio na makadirio, halafu acha kipeuo kiamue. Kama hakuna kona kama hizo, muombe rafiki yako apige picha ya maandishi ya swali pia, kwa sababu mara nyingi milinganyo au neno "unagusa" limeandikwa kwenye sentensi iliyokatwa juu ya mchoro.